Neno add nililoliacha, na mizani ya Uyole ikasimama

Ilikuwa mwezi wa sita, ile Mbeya ya baridi ambayo saa nne asubuhi bado mtu umevaa sweta na chai ya pili iko mezani. Mi nilikuwa ofisini Mwanjelwa, na kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa ndogo kabisa, ya dakika tano. Tulikuwa na ghala letu Uyole, pale malori ya mpunga toka Mbarali yanapita kupimwa kabla ya kushusha, na mafundi walikuwa wameshafunga mashine ya vidole ya mahudhurio ya wafanyakazi. Mashine ile ilitakiwa ikae kwenye VLAN yake peke yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, ikapewa namba 50, iweze kuongea na seva iliyoko huku mjini.

Mtandao wenyewe ulikuwa hivi. Mjini kuna swichi kubwa ambayo ndo inafanya ruti zote, Uyole kuna swichi ndogo ya Cisco 2960, katikati jozi moja ya nyuzi za faiba tulizokodi, na kwenye hiyo faiba ndo kuna tranki moja inayobeba kila kitu. VLAN 10 ya kompyuta za ofisi na mizani, 20 ya simu za mezani, 30 ya kamera, 40 ya waifai ya wageni, na 99 ya usimamizi, yaani ile ambayo sisi mafundi tunaingilia kwenye swichi yenyewe kwa SSH. Njia ni moja tu, hamna ya pili, hilo lishike maana litarudi.

Nikaanza upande wa mjini, nikaongeza 50 sawasawa maana kule kulikuwa na karatasi ya mwenzangu yenye amri zote nikaifuata kama ilivyo. Halafu nikaingia swichi ya Uyole kwa SSH nikiwa hapo hapo kwenye kiti, nikatengeneza VLAN 50, nikaiweka poti ya mashine ya vidole kwenye 50, vizuri. Ikabaki tranki. Nikaangalia konfigi ya poti inavyosomeka:

```
interface GigabitEthernet0/1
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30,40,99
```

Nikasema haya, hapa nataka na 50 ipite. Nikaandika:

```
interface GigabitEthernet0/1
 switchport trunk allowed vlan 50
```

Nikabonyeza Enter. Skrini ikaganda. Sio kwamba ilileta kosa, hapana, ilitulia tu, kale kamstari kanakowaka na kuzima kakabaki palepale, nikabonyeza Enter tena, tena, kimya. Nikafungua dirisha lingine nikapingi IP ya swichi, hamna jibu. Nikajua kuna kitu nimefanya ila bado sijajua nini, na kabla sijavuta pumzi simu ikaita, dada wa mizani. “Kaka, kompyuta imegoma kufungua tiketi, lori liko juu ya mizani na nyuma yake yako manne.” Nikamwambia nipe dakika chache dada yangu, naangalia.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba ofisi nzima ilishakuwa na jibu lake. Kipindi hicho barabara kuu ilikuwa inachimbwa kupanuliwa na kila mtu akaona ni kijiko kimekata faiba, mmoja akawa tayari anatafuta namba ya tuliowakodi nyuzi. Na mimi kwa sekunde kadhaa nilitamani iwe hivyo.

Ila nilipoangalia kwenye swichi ya mjini, poti inayoenda Uyole iko juu, taa inawaka. Faiba ikikatika, mwanga haufiki na poti inalala papo hapo, hiyo haina mjadala. Nikapiga `show cdp neighbors`, swichi ya Uyole ipo, inaonekana jirani kabisa, maana matangazo ya CDP, yale ambayo swichi za Cisco zinajitambulisha kwa jirani, yanapita kwenye tranki hata kama VLAN zako zote zimezuiwa. Nikapiga `show interfaces trunk` upande huo wa mjini, orodha imekamilika, 10, 20, 30, 40, 50, 99 zote zimeruhusiwa, zote zinasambaza. Yaani ukikaa upande wa mjini kila kitu ni kizima, na hapo ndo watu wengi wanapotea masaa, kwa sababu kila upande wa tranki una orodha yake na haumwambii mwenzake. VLAN inapita tu pale pande zote mbili zinapoikubali, na upande mmoja ukiikataa, ule mwingine unaendelea kutuma bila kujua kwamba fremu zinatupwa mlangoni kwa mwenzie.

Halafu simu ikaita tena, safari hii fundi wa mashine ya vidole, anafurahi kabisa. “Bosi imekubali, inaisoma seva, nimeshaandikisha vidole vya watu wawili.” Nikakaa kimya. Kompyuta hazina mtandao, simu za mezani zimekufa, kamera zimezima kwenye skrini ya mlinzi mkuu, mimi mwenyewe siingii kwenye swichi, ila kifaa cha VLAN 50 kiko kwenye swichi hiyohiyo, faiba hiyohiyo, na kinafika mjini bila shida. Nikapiga hii upande wa mjini:

```
show mac address-table interface Gi1/0/24
```

Kwenye hiyo poti, ambayo kwa kawaida inaonyesha anwani kibao za vifaa vya VLAN tofauti, imebaki moja tu ya VLAN 50. Zingine zimeshafutika maana anwani isiposikika inaachwa baada ya sekunde 300, na dakika tano zilikuwa zimepita. Hapo nikaelewa. Sikuongeza 50 kwenye orodha, nimeifanya 50 kuwa ndo orodha.

Sasa ngoja nieleze kwa nini iko hivyo maana niliumia nalo sana na sikutaka liishie kwenye “nilisahau neno”. Poti ya tranki kwenye Cisco inabeba orodha moja ya ndiyo na hapana kwa VLAN zote, 1 mpaka 4094. Usipoigusa kabisa, zote ni ndiyo. Amri ya `switchport trunk allowed vlan` ikifuatwa na namba moja kwa moja haisemi “na hii pia”, inasema “orodha ni hii”. Ni kama mko kwenye send-off na mlangoni kuna kijana ameshika karatasi ya majina ya wageni. Ukimfuata ukamwambia muongeze na mjomba, ataandika mjomba chini ya wale wengine. Ukimpa karatasi mpya yenye jina la mjomba tu, ataichana ile ya kwanza, na hata bibi harusi akitoka kwenda kubadilisha gauni hatarudi ndani. Kijana hajakosea, amefuata karatasi aliyopewa. Ndo maana swichi haikunionya wala haikuniuliza una uhakika, kwa sababu tranki yenye VLAN moja ni kitu halali kabisa, kuna watu wanaitaka hivyo.

Na inafanya kazi papo hapo. Hamna hatua ya kuthibitisha mwishoni, ukishabonyeza Enter ile poti inatolewa kwenye 10, 20, 30, 40 na 99 kwa mpigo mmoja. VLAN 99 ya Uyole haikuwa na poti nyingine yoyote iliyo hai zaidi ya hiyo tranki, kwa hiyo hata ile anwani ya usimamizi ya swichi ikalala yenyewe. Nilikuwa nimekalia tawi ninalolikata.

Kwa nini nilikosea? Kabla ya pale nilifanya kazi miaka miwili kwenye swichi za Huawei, na kule amri inayofanana na hii ni `port trunk allow-pass vlan 50`, na yenyewe inaongeza. Ukiiandika leo na 10, kesho na 20, zote mbili zinapita, na kutoa ndo unatumia `undo`. Vidole vyangu vilishazoea hivyo. Halafu kwenye Cisco yenyewe kuna amri nyingi tu za kuongeza, ukiandika `ip route` mpya zile za zamani hazifutiki, ukitengeneza `vlan 50` zile VLAN nyingine zinabaki, kwa hiyo kichwa kinazoea kwamba kuandika ni kuongeza. Lakini amri inayoweka thamani moja kwenye poti, kama `switchport access vlan`, inabadilisha, na orodha ya tranki kwa swichi ni thamani moja hata kama sisi tunaiona namba tano. Na kingine ni ile konfigi niliyoisoma kabla. Neno `add` halionekani pale hata kama lilitumika kila mara, swichi inakusanya zote na kuandika mstari mmoja uliokamilika. Utaliona tu orodha ikiwa ndefu mpaka ikakatwa mistari miwili, ule wa pili ndo unakuwa na `add`. Mi sikuwa na orodha ndefu, kwa hiyo nilisoma mstari nikaiga umbo lake.

Basi nikachukua laptopu, kebo ya konsoli, nikatoka mbio kupanda daladala ya Uyole. Nikiwa njiani maeneo ya Nane Nane nikampigia kaka mmoja aliyenifundisha kazi hii, yuko Iringa saivi, nikamueleza. Swali lake la kwanza halikuwa umefanya nini, lilikuwa, “Mdogo wangu, ulisevu?” Nikamwambia hapana, iliganda kabla sijafika huko. “Basi konfigi ya zamani bado ipo salama, swichi ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa. Una mtu pale?” Mlinzi yupo, ila kabati la swichi limefungwa na ufunguo ninao mimi kwenye begi. Akasema, “Ufunguo wa akiba ukae kule kule kuanzia leo.”

Hilo la kusevu ni kubwa kuliko linavyosikika. Unachoandika kinaingia kwenye konfigi inayotembea, ile ya kuwakia haiguswi mpaka useme `write memory`. Ndo maana kuna tabia moja nimeiacha kabisa, ya kuandika amri zote kwenye notipedi halafu kuzibandika kwa mpigo na `write memory` mwishoni. Ukibandika, maandishi yote yanaweza kuwa yameshafika kwenye swichi kabla mstari mbaya haujafanya kazi, kwa hiyo wewe unakatika huku swichi kule inaendelea kusoma iliyobaki na inasevu kosa lako. Hapo hata uzime umeme mara kumi haikusaidii. Mi niliokolewa na kuandika kwa mkono, mstari mmoja mmoja.

Nilipofika kulikuwa na malori saba. Mzee mlinzi nikampa shikamoo ya haraka, nikafungua kabati. Umeme sikuzima, kwa sababu simu na kamera zinapata umeme kutoka swichi hiyohiyo na zingewaka upya zote, na fundi wa vidole alikuwa katikati ya kuandikisha watu. Nilikuwa na konsoli mkononi, konsoli haipiti kwenye VLAN yoyote. Nikaingia:

```
show interfaces trunk

Port        Vlans allowed on trunk
Gi0/1       50
```

Kuiona hiyo 50 imekaa peke yake pale, aisee.

Hapo tena ningeweza kukosea mara ya pili, maana kichwani nilikuwa na 10, 20, 30 na 99, ile ya wageni ilikuwa imenitoka kabisa kwa presha. Ila orodha ya zamani ilikuwepo kwenye konfigi ya kuwakia, sikuhitaji kukumbuka:

```
show startup-config | begin GigabitEthernet0/1
```

Nikainakili namba zote, nikarudisha:

```
interface GigabitEthernet0/1
 switchport trunk allowed vlan add 10,20,30,40,99
```

Mara moja haikurudi. Nikapingi mjini, kimya, na moyo ukaanza tena. Nikarudia `show interfaces trunk` nikasoma mpaka chini. Ile amri ina vipande vinne na wengi tunaishia cha pili, zile zilizoruhusiwa. Cha tatu ni zilizoruhusiwa na zipo hai kwenye swichi, cha nne ni zile ambazo STP, ile kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya mtandao, imeziachia zisambaze. Cha pili kilikuwa na zote sita, cha nne bado kina 50 tu. Swichi ile ilikuwa kwenye STP ya zamani, na VLAN ikirudishwa kwenye poti inasubirishwa sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, jumla 30, ndo inaachiwa. Mtu mwenye haraka hapo angeanza kubadilisha kingine na kujichanganya zaidi. Nikasubiri, kipande cha nne kikajaa, na kule mizani nikasikia printa ya tiketi inaanza kulia.

Ndo nikasevu, nikiwa nimeshaangalia vipande vyote vinne.

Tangu siku hiyo nikigusa tranki ya mbali naenda kwa mpangilio huu, na mpangilio wenyewe una maana. Kwanza nasevu kilichopo kabla sijabadilisha chochote. Kisha naandika `reload in 10`, hapo swichi inajipangia kujizima na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Ukianza na mabadiliko kabla ya kusevu, ukifika kwenye `reload` itakuuliza usevu, na ukijibu yes bila kufikiri umeshaharibu kinga yako mwenyewe. Halafu ndo nafanya badiliko, naangalia, napingi, na kama niko salama naandika `reload cancel` halafu `write memory`. Nikikatika, nakaa tu kwenye kiti, dakika kumi zikiisha swichi inawaka na konfigi ya jana. Inauma kwa mtu aliye kule, simu zinazima kwa dakika kadhaa, ila haihitaji daladala wala ufunguo. Kwa swichi ambayo haiwezi kuzimwa mchana hiyo siitumii, nasubiri jioni au naenda mwenyewe na konsoli.

Miezi kadhaa baadaye nilienda Iringa kumsaidia yule kaka kwenye kazi moja, na pale nikakuta umbo jingine la kitu hichihichi. Kijana wake alitaka kuruhusu VLAN 60 kwenye tranki, akaangalia konfigi ya poti, hamna mstari wa `allowed` hata mmoja. Akasema hapa hamna kilichoruhusiwa, kwa hiyo hamna cha kuongezea, naandika tu `switchport trunk allowed vlan 60`. Nikamshika mkono kabisa. Mstari usipokuwepo maana yake sio hamna, maana yake ni zote, 1 mpaka 4094, na ile 60 aliyokuwa anaitafuta inapita tayari. Angeandika vile angefunga VLAN zingine zote 4093 kwa ajili ya kufungua moja iliyokuwa wazi. Tukaandika `show vlan brief`, kumbe VLAN 60 yenyewe haijatengenezwa kwenye swichi ile, ndo maana kwenye kipande cha tatu haikuwepo. Tukaandika `vlan 60`, ikaisha, tranki hatukuigusa.

Kijana akauliza, sasa na nikitaka kutoa moja je? Kaka akamwambia `switchport trunk allowed vlan remove 60`, na akamkataza kuanza na `no`, kwa sababu `no switchport trunk allowed vlan` haitoi moja, inafuta orodha nzima na poti inarudi kuruhusu zote. Kwenye tranki inayoenda kwa mpangaji mwingine wa jengo, hilo ni tatizo la aina nyingine, hakuna anayepiga simu kulalamika kwa sababu kila kitu kinafanya kazi, ila mtandao wako wa usimamizi umeshafika chumbani kwa jirani na hujui.

Kule Uyole ufunguo wa akiba saivi uko kwa mzee mlinzi kwenye bahasha, na ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi yenye namba za VLAN zinazotakiwa kupita kwenye Gi0/1. VLAN 50 nimeiongeza kwa kalamu chini ya zile tano.